Papa haoni, anataka kupanda treni Ubelgiji peke yake: zile karo za vinundu zinasomwaje?

Binti_wa_Kamalondo
Jambo zenu bandugu. Niko Lubumbashi, Kamalondo. Papa yangu ana miaka 68, alitumika kwenye reli miaka 31, na glakoma imemla macho polepole mpaka amebaki na mwanga tu: anajua dirisha liko wapi, basi. Mwezi wa nane anakwenda Liège kwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Ya ndege tumeshapanga, yaya atampokea palepale uwanjani. Shida ni ya baadaye. Papa ana rafiki yake wa kazi Bruseli, na amesema wazi atakwenda kumwona kwa treni, peke yake, yaya akiwa kazini. "Nimelala na treni miaka 31, leo nisindikizwe kama gunia la unga?" Ndiyo maneno yake.

Yaya anasema stesheni za kule zina karo, yaani vigae vya chini, zenye vinundu, zina vipaza sauti, na kuna wafanyakazi wa kusaidia. Lakini yeye anaona, hajawahi kuzikanyaga akiwa amefumba macho. Ninachouliza: mtu asiyeona anazisomaje zile karo? Anajuaje ukingo uko wapi? Papa ana fimbo nyeupe lakini hapa mtaani anaitumia kugongagonga mbele tu, na kufukuza mbwa. Tuna wiki 7.

FundiKaro_Katuba
Mama, hiyo ni kazi yangu, nimetandika karo miaka mingi. Zile zinawekwa njano ili zionekane, na vinundu ni vya kuzuia mtu asiteleze mvua ikinyesha. Papa ashike ule mstari wa njano wa kwenye jukwaa, aufuate tu mpaka mlango wa treni. Si jambo gumu.

Daktari_wa_Mtaa
Glakoma ina matone ya kuweka asubuhi na jioni. Mlishamwona daktari wa macho? Msikate tamaa mapema.

Binti_wa_Kamalondo
Aksanti Daktari, matone tuliweka miaka mingi, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mimi nauliza ya stesheni.

Fimbo_Nyeupe_BXL
Papa fundi, nisamehe, lakini mzee akifuata ushauri wako ataishia relini. Mimi ni mtu wa Bukavu, Kadutu, niko Bruseli mwaka wa 14, na sioni kabisa tangu nikiwa kijana. Hizo karo nazikanyaga kila siku, kwa hiyo acha nieleze polepole.

Huku Bruseli na upande wa Wallonia, ambako Liège iko, utakuta karo za aina 3, na kila moja ina neno lake. Ya kwanza ina mistari mirefu iliyoinuka, kama mgongo wa bati. Hiyo inasema "nifuate". Ya pili ina vinundu vya mviringo. Hiyo inasema "simama, mbele kuna hatari": ngazi za kushuka, barabara, au ukingo wa jukwaa. Ya tatu wengi hawaijui, hata wanaoona: ni laini, ya mpira, ukiikanyaga inabonyea kidogo na fimbo ikigonga hutoa sauti ya kuzibwa. Hiyo inasema "hapa kuna jambo, tafuta": njia inageuka au inagawanyika, au kuna kituo cha basi.

Kwa hiyo karo ya kufuata ni ya mistari, si ya vinundu. Mtu anayetembea juu ya vinundu vya jukwaani anatembea kwenye ukuta wa mwisho. Na rangi haina maana kwa papa yenu ikiwa kabaki na mwanga tu. Rangi ni ya wale wanaoona kidogo, na ni wengi kuliko sisi. Kwao kinachosaidia si njano yenyewe, ni tofauti na sakafu. Karo ya njano kwenye sakafu ya krimu haiwaambii kitu.

FundiKaro_Katuba
Basi nimejifunza. Lakini vinundu kweli havizuii kuteleza?

Fimbo_Nyeupe_BXL
Vikilowa ndivyo vinavyoteleza zaidi, hasa vile vya chuma. Muulize goti langu la kushoto.

Magari_ya_Japani
Mimi nanunua magari Japani nayaleta hapa Lushi kupitia Dar, nimekwenda mara nyingi. Hizo karo zilianzia kule, si Ulaya. Mtu anaitwa Seiichi Miyake alizibuni mwaka 1965, na za kwanza ziliwekwa tarehe 18 Machi 1967 katika mji wa Okayama, kwenye kivuko karibu na shule ya wasioona. Leo ziko mpaka vichochoroni. Nimeona na jambo jingine: kwenye majukwaa ya treni, baada ya vinundu, upande wa ndani, wameongeza mstari mmoja mwembamba ulioinuka. Sikuwahi kuelewa ni wa nini.

Fimbo_Nyeupe_BXL
Ndugu yangu, umegusa penyewe.

Vinundu vinakwambia hatari ipo. Havikwambii iko upande gani. Sasa fikiria jukwaa lenye reli pande zote mbili. Umesimama katikati, mtu amekugonga kwa sanduku, umejizungusha, hujui tena umeelekea wapi. Unatembea hatua 4, unakanyaga vinundu. Unajua ukingo uko karibu, lakini je, uko mbele ya vidole au umeshaupa mgongo? Ukikosea, hatua ya kukimbia hatari ndiyo inayokutupa chini. Ule mstari mmoja wa Wajapani umekaa upande salama, upande wa katikati ya jukwaa. Mguu ukipata vinundu kwanza halafu mstari, unajua unaingia ndani. Ukipata mstari kwanza halafu vinundu, unatoka nje, simama.

Papa asitegemee kuukuta Ubelgiji. Huku stesheni hazifanani: jukwaa lililokarabatiwa lina karo zote, la zamani linaweza kuwa na mstari wa rangi tu ambao fimbo haiuoni. Kwa hiyo sheria yake iwe moja: akikanyaga vinundu jukwaani asigeuke. Miguu ibaki ilipo, fimbo ndiyo ipeleleze mbele, na akikuta inatumbukia, arudi kinyumenyume kwa njia ileile aliyojia. Kugeuka ndiko kunakoua.

Mama_wa_Bandarini
Mimi niko Goma, nami nina yangu. Dada yangu haoni, tunapanda mashua kwenda Bukavu mara kwa mara. Hakuna karo, hakuna kipaza sauti, kuna vijana. Wanamshika mkono mmoja huku, mwingine kule, wa tatu anasukuma mgongo, wote wanapiga kelele "mama ruka! ruka!" Siku moja kwenye ule ubao wa kupandia alipoteza kiatu ziwani. Wanafikiri wanasaidia. Je, huko kwenu wafanyakazi wamefundishwa au nao wanavuta?

Fimbo_Nyeupe_BXL
Mama, pole kwa kiatu. Waliofundishwa hawavuti, lakini hata huku unakutana na wa kuvuta. Siri ni kwamba asiyeona ndiye anayemshika anayeona, si kinyume chake. Dada yako amshike kijana mmoja tu, juu kidogo ya kiwiko, na awe nusu hatua nyuma yake. Hapo mwili wa yule kijana unamsomea njia: bega likishuka, kuna kushuka, kiwiko kikigeuka, kuna kona. Ukivutwa kwa mkono wako wewe, mwili wako umetangulia na hujui unaingia wapi.

Kwenye ubao mwembamba kama wenu, kijana apeleke mkono wake nyuma ya mgongo. Dada yako akihisi mkono umekwenda nyuma, anaingia nyuma yake kabisa, wanapita kama foleni ya watu wawili. Na kijana aseme neno moja kabla: "tunapanda" au "tunashuka". Neno "ruka" lipigwe marufuku.

Mama_wa_Bandarini
Nitajaribu kesho kutwa. Hilo la kuwanyamazisha wale vijana wengine wawili ndilo sijui nitalifanyaje.

Binti_wa_Kamalondo
Nimemsomea papa yote haya. Kuhusu wafanyakazi anasema hataki. Akikubali, wanaombwaje? Na asipokuwa na kitambulisho cha kule?

Fimbo_Nyeupe_BXL
Kitambulisho cha kule ni cha kupunguziwa nauli. Msaada wa stesheni ni jambo jingine, ni bure, na mgeni anaupata. Kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya, nambari 2021/782, iliyoanza kutumika Juni 2023: taarifa itolewe saa 24 kabla, zamani ilikuwa 48. Yaya apige simu au ajaze kwenye mtandao, ataje treni ya saa ngapi, anapandia wapi, anashukia wapi, na aseme wazi kwamba abiria haoni lakini anatembea. Asiposema hivyo watakuja na kiti cha magurudumu. Na kwenye ndege ni vilevile: hakikisheni tiketi imeandikwa BLND, maana ikiandikwa WCHR mzee atakalishwa kwenye kiti na kusukumwa kama ana ugonjwa wa miguu.

Halafu wakubaliane mahali pa kukutania, na awahi. Mfanyakazi atampeleka mpaka kwenye kiti, na mwingine atakuwa anamngoja anakoshukia. Udhaifu wa mpango huu ni mmoja: treni ikibadilishwa jukwaa dakika za mwisho, au ikichelewa, yule wa upande wa pili anaweza kuwa amesimama pasipo. Ndiyo maana hata mwenye msaada anatakiwa ajue kujitegemea kwa dakika 10.

Mwalimu_wa_Fimbo
Nimeingia nimechelewa. Mimi nafundisha wasioona kutembea, hapahapa Lubumbashi. Nakubaliana na BXL karibu kila mahali. Ninaongeza kuhusu fimbo, kwa sababu kugongagonga hakusomi karo.

Fimbo iwe ndefu ya kufika karibu na kifua, ncha yake iwe ile ya kuviringika. Haipigwi chini, inatelezeshwa kushoto na kulia, upana wa mabega. Ikipita juu ya karo za mistari kwa kukatisha, inatetemeka, trrrr, unasikia mpaka kwenye kiganja. Ikienda sambamba na mistari inaingia kwenye mfereji na kutulia. Juu ya vinundu inarukaruka bila mpangilio. Tofauti hii mtu haelezwi, anaizoea.

Tuliwahi kutengeneza ubao wa mazoezi bila gharama. Chukueni plywood, upande mmoja pigilieni vifuniko vya chupa za bia, mgongo juu, mkiacha nafasi ya kifuniko kimoja na nusu kati yake. Kifuniko kina kimo cha milimita 6 hivi, na vinundu vya stesheni ni karibu milimita 5, kwa hiyo mguu haujui tofauti. Upande wa pili fungeni nondo za milimita 6 zikiwa sambamba. Ubao wa tatu wekeni mpira wa ndani wa gurudumu la lori, mara mbili. Papa fundi wa Katuba anaweza kuzimaliza asubuhi moja.

Swali: papa anavaa viatu gani?

Binti_wa_Kamalondo
Buti zake za reli. Hajawahi kuziacha.

Mwalimu_wa_Fimbo
Hizo zina soli ya sentimita 3. Hatahisi kitu. Atafute kiatu cha soli nyembamba.

FundiKaro_Katuba
Mbao nitatengeneza mimi, bure. Nimeona aibu ya siku ile. Vifuniko nileteeni tu, msiniulize chupa zimekwenda wapi.

Kijana_wa_Kampemba
Kwa nini mnahangaika hivi? Aweke simu, avae vya masikioni, ramani imwongoze kwa sauti.

Fimbo_Nyeupe_BXL
Simu ninayo, ni nzuri barabarani. Ndani ya stesheni ya chini ya ardhi haijui uko jukwaa gani, na ukiziba masikio umejitoa jicho la pili. Treni ya umeme inaingia kimya kuliko za dizeli.

Sasa vipaza sauti, kwa sababu hapo ndipo papa atakapochanganyikiwa. Safari ya Liège kwenda Bruseli, treni ya haraka, ni kama saa 1. Inatoka Liège-Guillemins, inasimama Leuven, halafu Bruseli Kaskazini, halafu Bruseli ya Kati, ambako nadhani ndiko rafiki yake atamngoja. Ubelgiji ina mpaka wa lugha, na treni inauvuka. Leuven iko upande wa Kiholanzi, kwa hiyo pale matangazo ni Kiholanzi peke yake. Bruseli ni lugha zote mbili. Wakati wa kwenda haidhuru. Wakati wa kurudi, treni ikiwa Leuven, mzee anangoja kusikia "Liège", na kipaza sauti kinasema "Luik". Ni mji uleule. Nimewahi kumkuta mtu ameshuka Leuven akidhani amepanda treni isiyo yake.

Na siku nyingine kipaza sauti cha ndani kimekufa, au kondakta anaongea kama ana kiazi mdomoni. Kwa hiyo ahesabu. Lakini asihesabu kusimama kwa treni, ahesabu kufunguka kwa milango. Treni husimama kwenye taa nyekundu, na mtu anayehesabu kusimama anajikuta amezidisha kimoja.

Binti_wa_Kamalondo
Papa amecheka hapa. Anauliza: kati ya Bruseli Kaskazini na ya Kati kuna handaki?

Fimbo_Nyeupe_BXL
Mzee ni mtu wa reli kweli! Lipo. Ukiondoka Kaskazini, muda si muda sauti inafunga, kama mtu amekufunika na sufuria. Stesheni ya Kati iko ndani ya handaki hilohilo. Kwa hiyo sauti ikishafunga, milango itakayofuata kufunguka ndiyo yake. Angeniambia nani jambo hilo mwaka wangu wa kwanza.

Kitu kimoja cha mwisho, nacho ni cha kupanda. Mlango wa treni utafutwe kwa fimbo na kwa mkono, si kwa kudhani. Kati ya behewa na behewa kuna nafasi, na mtu akipapasa ubavu wa treni, akafika mahali ukuta umeisha, anaweza kusema "huu hapa mlango". Wapo waliotumbukia hapo. Mlango una sakafu. Fimbo iguse sakafu ya ndani kwanza, ipime na pengo la ukingo, halafu ndipo mguu. Fimbo ikishuka bila kugota, hapo si mlango. Mabehewa mengine yana kidaraja cha kupanda, mengine yako karibu sawa na jukwaa, asizoee kimo kimoja.

Mwalimu_wa_Fimbo
Hapo tu ndipo ninapotofautiana nawe kidogo. Mimi kwa mgeni ningesema asitafute mlango peke yake kabisa, hata kama anajua. Asimame mbali na ukingo, aite mtu. Jukwaa tupu na treni iliyosimama ni afadhali kuikosa.

Fimbo_Nyeupe_BXL
Ukimwita mtu ukamkosa je? Treni huondoka. Mimi nasema afundishwe, halafu aamue mwenyewe.

Mwalimu_wa_Fimbo
Treni nyingine ipo baada ya muda. Mguu mwingine haupo.

Mama_wa_Bandarini
Narudi na habari. Dada yangu jana alimshika kijana mmoja juu ya kiwiko. Wale wawili niliwapa mizigo wabebe, mikono yao ikawa na kazi. Amepanda na viatu vyake vyote viwili.

Binti_wa_Kamalondo
Mbao 3 zimefika, vifuniko 112 nimehesabu mwenyewe. Papa anazitembelea uani kila asubuhi na viatu vya mpira vya mdogo wangu. Siku ya kwanza alikuwa anachanganya nondo na vifuniko kwa mguu, kwa fimbo hakosei. Sasa tunazibadilisha mahali akiwa ndani anakunywa chai, halafu anatoka kuzitafuta. Jana alikanyaga vifuniko akageuka mzima mzima, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka. Leo hakugeuka.

Kijana_wa_Kampemba
Na hapa kwetu lini tutawekewa? Mbona fundi tunaye.

FundiKaro_Katuba
Mimi niko tayari hata kesho.

Mwalimu_wa_Fimbo
Kutandika si kazi. Niliwahi kuona jengo moja jipya, silitaji, wamepanga vinundu kuzunguka maua kama urembo, na mstari wa kufuata umeishia kwenye nguzo. Mwanafunzi wangu aliufuata kwa imani yote mpaka paji la uso likagota. Mstari mbaya ni hatari kuliko kukosa mstari. Na ukiwekwa vizuri sokoni au stendi, kabla ya saa tatu asubuhi kuna mama amepanga nyanya juu yake. Hata sijui tungeanzia wapi.

FundiKaro_Katuba
Nyanya zinahamishika. Nguzo ndiyo kosa la fundi.

Binti_wa_Kamalondo
Bandugu, wiki ya 11 sasa, nawaletea habari. Papa yuko Liège. Yaya alimsindikiza mara 2 kwenda na kurudi bila kumshika, akitembea nyuma yake kimya. Mara ya tatu alikubali msaada wa kupanda, baada ya ugomvi, na akasafiri peke yake. Kipaza sauti cha ndani kilikuwa kimya mpaka Leuven. Alihesabu milango, akasikia handaki, akasimama. Mfanyakazi wa kumpokea hakuwepo mlangoni, alikuja baada ya dakika kadhaa akihema. Papa alikuwa ameshashuka, amesimama mbali na ukingo kama mlivyomwambia, anamweleza abiria mmoja kwamba breki za behewa lile zimekwisha.

Kurudi alisikia "Luik" akamgusa jirani yake kwa kiwiko: "Hiyo ndiyo Liège, usishuke."

Sasa amesikia kwamba treni ileile, ukibaki ndani, inaendelea mpaka Oostende baharini. Anataka kwenda. Yaya hajakubali.